Makuta imeingia ku konti lakini avi ya malipo haiko: nitajua namna gani ni faktire gani zimelipwa?

KatubaBoy (Lubumbashi), jumatano 12 machi 2025

Yambo wote. Minauzia kampuni moja ya kule Kolwezi bintu bya sekirite: bote, ganti, kaske, jile. Niko na faktire sita kwao zenye hazijalipwa, TVA ya 16% iko ndani tayari, dola zote:

0141: 8 120
0144: 3 480
0147: 6 960
0150: 5 800
0152: 4 640
0155: 2 320

Leo asubui banki inanionyesha 24 073 imeingia. Mwenye kutuma haiko hata kliyanti wangu, ni grupu yao ya Afrika Kusini njo inalipa. Ku releve kuko paka namba moja ndefu yenye sijue inatoka wapi, faktire hata moja haijatajwa. Avi ya malipo sikupata, ku imeili hakuna, ku WhatsApp hakuna. Nimejaribu kuunganisha faktire kila namna, hakuna inanipa 24 073. Kontabu wangu anataka kuingiza leo, na mimi nataka kujua ni gani niendelee kudai. Mungefanya nini?

Papa_Ruashi

Mtoto, hii haiko ngumu. Makuta inaingia ku faktire ya zamani kwanza, njo sheria tangu zamani. Chukua za kwanza ine, 0141, 0144, 0147 na 0150, inakupa 24 360. Inakosa 287, hiyo ni banki zimekula. Funga dosye, uendelee na kazi.

Mama_Kontabu (Kampemba)

Papa Ruashi heshima yako, lakini 287 ya frais ku virema moja ya kiasi hiki mimi sijaona. Banki zinakata makumi, hazikati mia tatu karibu.

KatubaBoy, faktire zako zote zinaishia na sifuri, hata uziunganishe namna gani hautapata kitu chenye kinaishia na 73. Kwa hiyo kuko kitu kimekatwa, na pengine ni vitu viwili ama vitatu kwa pamoja. Ambia kontabu wako aingize zile 24 073 ku 411, konti ya ule kliyanti, iingie kabisa, lakini asifanye letraje, maana yake asiunganishe ile makuta hata na faktire moja, mupaka avi ifike. Makuta kukaa ku konti bila kuletre haina mubaya. Mubaya ni kuletre faktire yenye haikulipwa, juu tangu siku ile haitatoka tena ku liste ya madeni na hakuna mutu atakumbuka kuidai.

Nyota_Bkv (Bukavu)

Jambo. Ukisha kulipa unaandika ku karatasi ya buro jina la furnisere, tarehe, banki, rifaransi ya virema na liste ya faktire na kiasi ya kila moja, unaweka sinyatire unamutumia siku ile ile. Sisi ku ofisi tuna modeli ya Ekseli, nikutumie?

KatubaBoy

Asanti dada Nyota lakini mimi njo furnisere, niko nangojea kutumiwa.

Nyota_Bkv

Aaa, nilisoma mbio. Pole sana. Basi mimi niko ule mutu wa upande ingine mwenye munangojeaka 😄 nitarudia jioni niseme kwa nini zinachelewaka.

Papa_Ruashi

Nimerudia hesabu yangu na sasa inakaa sawasawa. Mama Kontabu sikiliza. Zile faktire ine ni 24 360 na TVA, bila TVA ni 21 000. Kliyanti yangu mimi anakatakaka 1,2% ku HT kwa ajili ya ARSP, ile otorite ya sutretansi, iko ku kontra yetu. 1,2% ya 21 000 ni 252. Ondoa 252 ku ile 287, inabakia 35, na 35 njo ile frais ya banki yenye unasema ni ya kawaida. Sasa kuko nini ingine?

Jeremi_Golf

Vié ametoboa 👏 imeisha hii

Bote_na_Kaske

Duh, mupaka dola ya mwisho. Mi nimekubali.

Mama_Kontabu

Mimi bado. Hesabu kukaa sawa haimaanishe ni ile njo ililipwa. Ukiwa na faktire sita na unajipa ruhusa ya kukata kitu hapa na kitu pale, utapata hadisi mingi zenye zinafika ku kiasi kimoja. KatubaBoy, jibu mambo mbili. Kontra yako iko na ile 1,2%? Na kuko bintu walikurudishia?

KatubaBoy

Mama, kontra haisemi kitu juu ya 1,2%, na mimi ni kuuza bidhaa, hakuna kazi ya mikono ndani. Bintu bya kurudisha ndiyo, mwezi wa kwanza walirudisha bote peya 40, semeli zilikuwa zinafunguka. Tulisema nitawaletea zingine. Avoari, ile noti ya kupunguza faktire, sikufanya juu ni kubadilisha tu. Ilikuwa dola 30 peya moja HT.

Mama_Kontabu

Njo hapo. Peya 40 mara 30 ni 1 200, TVA yake 192, jumla 1 392. Sasa chukua 0141, 0147, 0150 na 0152. Inakupa 25 520. Ondoa 1 392 inabakia 24 128. Wewe ulipata 24 073. Tofauti ni 55.

Kwa hiyo tuko na hadisi mbili na zote zinakaa. Kwa Papa Ruashi walilipa 0144, na 0152 bado. Kwa yangu walilipa 0152, na 0144 bado, na zile bote wamejikatia wenyewe. Ukiamini yake na ya kweli ni yangu, kesho unapiga simu kudai 0152 yenye ilikwisha kulipwa, utaonekana mutu asiye na buku, na 0144 ya 3 480 umeifunga ku buku kama imelipwa. Hakuna hesabu itachagua kati yake. Ni avi tu.

Papa_Ruashi

Banki gani inakula 55? Umesema wewe mwenyewe banki zinakata makumi kidogo.

Mama_Kontabu

55 ni makumi tano na nusu papa 😊

Guichet4

Niko nafanya ku banki, nisaidie kidogo. Mbele ya kubishana, KatubaBoy uende ku ajansi yako uombe kopi ya mesaji ya SWIFT, ile MT103, na avi ya kredi ya banki yenyewe. Hizo ni karatasi mbili tofauti, omba zote mbili. Releve inaonyesha paka kiasi chenye kilifika ku konti yako, haionyeshe kiasi chenye mwenzako alituma. Ku MT103 zote mbili ziko: 33B ni kiasi mwenye kulipa aliagiza, 32A ni kiasi banki zililipana, na 71F ni kile banki ya katikati ilijikatia njiani. Dola za kutoka Afrika Kusini zinapita kwa banki korespondanti, mara mingi ya New York, na ikiwa ni SHA kila mumoja njiani anaweza kunyofoa yake.

Kile banki yako wewe ilikata hakitaonekana ku MT103. Hicho unakikuta ku avi ya kredi.

Mupenzi_Goma (Goma)

Munaongea ya banki tu, sisi huku tangu banki zilifungwa mwanzo wa mwaka kliyanti wananilipa na mobile money, tena kwa vipande vipande juu ya plafo. Faktire moja ya 4 000 inaweza kunifikia kwa mesaji tano na zote ziko na ID tofauti. Avi ya malipo? Ni mesaji ya WhatsApp "nimekutumia boss". Mi nimeanza kudai kila mutu aniandikie ID ya kila kipande na namba ya faktire pembeni, bila hiyo sianzi kuandaa mzigo mwingine. Wengine wanakasirika lakini wanafanya.

Mama Kontabu, kwa mtu kama mimi avi inapaswa kuwa moja kwa vipande vyote ama moja kwa kila kipande?

Mama_Kontabu

Moja kwa faktire inatosha, alafu ndani uandikiwe kila ID na kiasi chake na tarehe. Chenye nakataa ni ID moja ya kipande cha mwisho kusimamia zote, juu ukienda kutafuta ku releve ya simu utakuta 700 wakati avi inasema 4 000.

Kaka_Kasumbalesa

Nami niingie. Munaipenda sana hii avi lakini muikumbuke si makuta. Mimi transporteri. Kuko depo moja mwenye kununua alifika ijumaa saa kumi jioni na avi ya malipo nzuri kabisa, logo iko, namba za faktire ziko, rifaransi ya virema iko, mupaka kopi ya SWIFT iko na kashe. Wakapakia kamiyo. Jumatatu kitu hakuna, jumanne kitu hakuna, ile rifaransi banki haikuijua. Mzigo ulishavuka mupaka. Kila kitu ku PDF ile kilikuwa sawa, paka virema njo haikukuwako.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha avi, uchukue ile rifaransi upeleke kwa banki yako wewe, si kupiga namba yenye iko chini ya karatasi, ile anaweza kuweka ya ndugu yake.

Guichet4

Kaka ana haki. Niongeze kitu: kwa virema ya kimataifa kuko UETR, namba ya herufi 36 na vistari ndani, inasafiri na virema tangu mwanzo mupaka mwisho. Omba hiyo. Banki yako inaweza kuifuata na kuona makuta iko kwa banki gani saa hii, ikiwa banki zote za njiani zinaonyesha. Mtu mwenye alituma kweli banki yake inaweza kumupa.

KatubaBoy, alhamisi

Nimetoka ku banki. Wamenipa zote mbili. MT103 inasema hivi, nimeandika zile laini zenye maana tu:

```
:20:2503120081744
:32A:250312USD24098,
:33B:USD24128,
:70:PMT RUN 1203 VENDOR 204418
:71A:SHA
:71F:USD30,
```

Na avi ya kredi ya banki yangu: iliingia 24 098, komisyo 25, neti 24 073.

Guichet4

Safi kabisa. Kwa hiyo walituma 24 128, banki ya katikati ilikata 30, yako ikakata 25. Hapo njo 55 ya Mama Kontabu. Na ile namba ndefu yenye ulikuwa unaona ku releve ni 20, rifaransi ya banki yenye ilituma mesaji. Uichunge, unaweza kuikuta ku avi. Kama avi itafika na namba ingine, uulize kwanza kama si ya malipo mengine.

Sasa muone 70. Hapo njo pahali pa kuandika faktire, na hawakuandika hata moja. Wameweka namba ya raundi yao ya malipo na namba yako ya furnisere kwao, 204418. Si ubaya wao peke yake. Ile sehemu iko na laini 4 za herufi 35, yaani 140 kwa jumla, basi. Faktire ine na noti moja ya kukata, na tarehe na kiasi ya kila moja, zinaingia kwa shida. Mtu mwenye analipa faktire mbili anaweza kuziandika hapo, mwenye analipa 30 hawezi, njo maana avi inatembea pembeni kwa imeili.

Jeremi_Golf

Lakini si wanasema kuko formati mpya inakuja yenye iko na nafasi mingi?

Guichet4

Ndiyo, ISO 20022. MT103 kati ya inchi na inchi inaondoka mwezi wa 11 wa 2025. Ile mpya iko na sehemu ya kuweka faktire moja moja na kiasi yake na kilichokatwa. Lakini sehemu kuwako ni kitu kimoja, mwenye kulipa kuijaza ni kitu kingine, na banki yako kukuonyesha ku releve ni kitu cha tatu. Ile sehemu ya kuandika vile unataka, bila mafungu, imebakia herufi 140 vile vile.

Mama_Kontabu

Papa Ruashi, ku hadisi yako kiasi cha kutumwa kingekuwa 24 360 toa 252, ni 24 108. Mesaji inasema 24 128.

Papa_Ruashi

Nimeona mama. Lakini 24 360 toa 24 128 inabakia 232, na 232 ni 200 na TVA yake ya 16%. Inaweza kuwa penalite ya kuchelewa kuleta mzigo, wanaweka kiasi kimoja cha 200. Mtoto, ulichelewa kuleta siku moja?

KatubaBoy

Ile ya 0147 nilichelewa siku mbili papa, barabara ya Likasi. Walilalamika.

Papa_Ruashi

Haya sasa.

Bote_na_Kaske

Huyu mzee hakubali kushindwa 🤣🤣

Mama_Kontabu

Na mimi siwezi kumukatalia! Njo kile nilisema jana. MT103 imeua 1,2% lakini haikuua wazo lake, juu haisemi ni faktire gani. Inasema kiasi tu. KatubaBoy tafuta avi.

Avoka_Likasi

Habari zenu. Nimesoma toka juu. Niseme kidogo juu ya lile neno la Papa Ruashi, kwamba malipo huenda kwa deni la zamani kwanza. Ni nusu ya ukweli. Dikre ya tarehe 30 julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado tunaitumia, inampa mwenye kulipa haki ya kusema, wakati anapolipa, ni deni gani analilipa. Akisema, imeisha, wewe mwenye kudai huwezi kubadilisha. Asiposema, wewe unaweza kuandika ku risiti ni deni gani umelifuta, na akiipokea risiti hiyo bila wewe kumdanganya, hawezi tena kurudi nyuma. Ni pale wote wawili mmenyamaza ndipo sheria inachagua: kwanza deni lililofika wakati wake mbele ya lile halijafika, na kati ya yaliyofika, lile ambalo mdeni alikuwa na faida zaidi kulimaliza. Zamani ni baada ya hapo, kama madeni yote yako sawa.

Kwa hiyo avi ya malipo si heshima tu ya kiofisi. Ndiyo sauti ya mdeni akichagua. Na ukikaa kimya ukaletre kwa mawazo yako, halafu avi ikatokea yenye tarehe ya siku ya malipo, ni letraje yako ndiyo itavunjwa.

Papa_Ruashi

Mètre asanti. Nusu ya ukweli ninaipokea, kwa umri wangu inatosha.

Nyota_Bkv

Nilisema nitarudia. Ku upande wetu wa kulipa, mi nafanya ku shirika hapa Bukavu, avi inatoka ku sistemu kisha banki kukubali malipo. Kabla ya hapo sitoi, hata furnisere apige simu mara ngapi, juu banki ikirudisha virema (namba ya konti imekosewa tarakimu moja, jina halifanani) utakuwa umebakia na karatasi yangu inasema nimekulipa na haiko kweli. Mupenzi wa Goma naona wewe ungependa ipatikane mbele, hapo hatutakubaliana.

Lakini sababu kubwa yenye avi hazifike ni hii: sistemu inazituma yenyewe kwa imeili moja yenye iko ku fishi ya furnisere. Ile imeili iliandikwa siku ulifungua dosye, pengine miaka ine nyuma. Hakuna mtu anaibadilisha. KatubaBoy uliza ile kampuni ni imeili gani iko ku fishi ya 204418.

Mupenzi_Goma

Dada Nyota, mi sidai avi mbele ya malipo, nadai kujua mbele ni faktire gani watalipa, ili kama wameacha moja tugombane mbele ya makuta kutoka. Kisha kutoka inangojea raundi ingine mwezi muzima.

Nyota_Bkv

Hiyo ni haki yako lakini ni karatasi ingine, ni releve ya madeni, munalinganisha mwisho wa mwezi. Usiite avi.

KatubaBoy, ijumaa

Dada Nyota umetoboa. Ku fishi kulikuwa imeili ya kontabu wa zamani mwenye aliacha kazi mwaka jana, avi zote za tangu wakati ule zinaenda kwake. Wamenirudishia ya juzi ku imeili yangu. Tarehe 12/03/2025, furnisere 204418, rifaransi 2503120081744, ni ile ile ya SWIFT. Laini ni tano:

0141: 8 120
0147: 6 960
0150: 5 800
0152: 4 640
Noti ya debi, bote peya 40 zilirudishwa: -1 392
Jumla: 24 128

Pembeni ya kila faktire kuko namba ya komande yao. 0144 na 0155 hazimo.

Jeremi_Golf

Mama Kontabu!!! 🔥

Bote_na_Kaske

Leteni kiti, mama akae

Mama_Kontabu

Asanti, lakini kazi haijaisha. Sasa letraje ni hivi: zile faktire ine ufunge na ingizo tatu, makuta ya banki 24 073, frais 55, na avoari 1 392. Ile 55 isibakie ku 411 kama kliyanti anakudai ama unamudai, ipeleke ku frais za banki, na ku ile laini uandike 30 ya njiani na 25 ya banki yako, juu siku ingine utataka kujua ni nani anakula zaidi. Na avoari ni wewe unapaswa kuifanya. Wao wameandika noti ya debi, ni karatasi yao, haitoshi kwako kurudisha ile TVA ya 192 yenye ulishatangaza ku 0141 ama faktire yoyote yenye zile bote zilitoka. Andika ku avoari namba ya faktire ya mwanzo.

KatubaBoy

Lakini mama, mimi nilisema nitabadilisha zile bote, na peya 40 mpya ziko hapa ku depo tayari. Sasa wamekata makuta. Nipeleke bote ama nisipeleke?

Kaka_Kasumbalesa

Usipeleke. Walishajilipa.

Papa_Ruashi

Peleka na faktire mpya. Biashara inaendelea.

Avoka_Likasi

Hapa ndipo mimi nina shaka na wao. Kukata deni moja kwa deni lingine kunataka yote mawili yawe wazi kwa kiasi na yamefika wakati. Kama mlikubaliana kubadilisha bidhaa, wao walikuwa wanakudai bote, hawakuwa wanakudai dola. Noti ya debi ya upande mmoja inaweza kukataliwa. Lakini je, makubaliano ya kubadilisha yaliandikwa?

KatubaBoy

Kwa simu na majazinye wao.

Avoka_Likasi

Hmm. Basi magumu.

Mama_Kontabu

Mètre kwa sheria uko sawa, lakini mutu mwenye anakuachia 3 480 na 2 320 ku raundi ijayo hautaenda kumukatalia noti ya 1 392. Fanya avoari, uza zile peya 40 kwa komande mpya. Mi njo ningefanya vile.

Avoka_Likasi

Mimi ningeandika barua kwanza, hata fupi, kusema avoari hii haifuti haki yangu juu ya makubaliano yetu. Barua haiharibu biashara.

Mupenzi_Goma

Na 55? Kwa nini yeye ndiye alipe? Deni ni 24 128, makuta yenye ilifika ni 24 073. Waongeze 55.

Guichet4

Inategemea ku kontra kumeandikwa nini. Ku mesaji wameweka SHA, maana yake kila mumoja anabeba za upande wake. Kama kontra inasema frais zote kwa mwenye kulipa, walipaswa kuweka OUR. Kama kontra haisemi kitu, ku guichet naona watu wanagombana kila wiki na hakuna mwenye anashinda.

Avoka_Likasi

Frais za kulipa ziko kwa mdeni, hiyo nayo imo katika dikre ile.

Guichet4

Mètre, ile 25 ni banki yake yeye imekata kwa kupokea. Hiyo nayo ni frais ya kulipa?

Avoka_Likasi

Ile 30 ndiyo, bila shaka. Ile 25 nitakwambia kesho.

KatubaBoy

Kitu kimoja bado kinanisumbua. 0144 ni ya zamani kushinda 0147, 0150 na 0152, na wamepita juu yake. Wao wanasema tu "haiko ku raundi". Kwa nini?

Nyota_Bkv

Sistemu hailipi kwa umri tu. Inalinganisha komande, bono ya kupokea na faktire, tatu zikifanana inaachia. Moja ikikosa, faktire inakaa bloke na hakuna mutu anakuandikia. Ile mzigo wa 0144 ulipeleka wapi?

KatubaBoy

Ku depo yao ya Likasi, si Kolwezi. Bono ilisainiwa na gadi.

Nyota_Bkv

Mi naona ni hapo. Gadi haingizi kitu ku sistemu. Tafuta majazinye wa Likasi aingize ile bono, na uombe namba yenye sistemu itamupa.

Papa_Ruashi

Ama ni tarehe. Wengine wanahesabu siku 60 tangu faktire kufika kwao, si tangu iliandikwa. 0144 uliipeleka siku gani?

Mama_Kontabu

Hapo papa anaweza kuwa na haki. Na kuko ya tatu: angalia namba ya komande ku 0144 yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na uilinganishe na zile ziko ku avi. Ku avi hii uko na komande ine zenye zilipita, zote ziko na urefu gani? Kama ya 0144 ni fupi ama inaanza tofauti, usingojee Likasi.

KatubaBoy

Za avi zote ni tarakimu kumi, zinaanza na 45. Ya 0144 pia inaanza na 45... ninahesabu tisa. Lakini bono ya Likasi nayo haina kashe. Jumatatu niko napanda kule na zote mbili mkononi.

Nyota_Bkv

Na mbele ya kupanda, wabadilishie imeili ku fishi. Weka ya duka, usiweke ya mtu. Na uombe ku ile fishi waweke mbili kama sistemu yao inakubali.

Mupenzi_Goma

Na zile avi zote za tangu mwaka jana zenye zilienda kwa kontabu wa zamani? Mzitafute pia, na zile mlizoletre bila avi mzirudilie.

Mama_Kontabu

Eee Mupenzi. KatubaBoy, hiyo njo kazi yenyewe. Uombe wakutumie tena avi zote tangu kontabu ule aondoke, uanze na zile zenye ulikuta "frais" kubwa kushinda 100.